Gari la Rangi ya Lami Mbichi

Keki ya ghorofa nne ilianguka karibu na soko la hariri la Marghilon, ndani ya teksi ya mtu aliyekuwa akisoma simu huku anaendesha. Zulhumor alikaa kiti cha nyuma, ameikumbatia ghorofa ya chini kwa mikono miwili. Dereva alipokanyaga breki, ghorofa mbili za juu zilimrukia mapajani, na waridi zote za krimu alizozifinyanga tangu alfajiri zikaishia kwenye gauni lake. Hakulia. Alishuka, akajifuta, akamwambia dereva maneno ambayo hayaandikiki, kisha akarudi nyumbani kwa miguu akaoka upya. Harusi ilipata keki yake pilau ikiwa imeshaliwa na wageni wa mbali wameshavaa viatu.

Mtu mwingine angeacha kazi. Huyu hakuwa mtu mwingine. Zulhumor alikuwa mwanamke mnene, mwepesi wa miguu, mwenye sauti ya kusikika nyumba ya tatu, na alijiamini kiasi cha kuwachosha watu. Akisema sukari haitoshi, haitoshi. Akisema bibi harusi huyu atataka keki ya pistachio ingawa mwenyewe ameagiza ya chokoleti, unakuta ni kweli. Mtaani walimwita Zulhumor opa, yaani dada mkubwa, hata wale waliomzidi umri.

Wiki moja baada ya ajali hiyo aliitwa na Bahrom, msimamizi wa ukumbi mkubwa wa harusi mjini Farg'ona. Bahrom alikuwa ameonja keki zake mara nyingi na hakuwa na la kulalamikia upande wa ulimi.

"Opa, kuanzia sikukuu ya Navruz mwezi wa tatu nataka keki zote za Jumamosi ziwe zako," alisema. "Msimu mzima. Mwaka mzima, ukitaka. Lakini siwezi kuziweka harusi za watu rehani kwa teksi. Uwe na gari lako. Keki ikikosa kufika mara moja tu, tusilaumiane."

"Mara moja tu?"

"Mama wa bibi harusi akishanirarua mimi, hakuna mara ya pili."

Zulhumor alimpa mkono palepale. Kazi hiyo ndiyo aliyokuwa akiitaka tangu alipokuwa akioka kwenye jiko la mama mkwe, na sasa imekuja na sharti moja lenye magurudumu manne. Akiba yake ya miaka mingi ilikuwa milioni mia moja na kumi na sita za so'm. Ilitosha kununua sehemu kubwa ya gari moja. Haikutosha kukosea.

Dukani, kwenye barabara ya Farg'ona, yalikuwa yamebaki magari mawili ya kufaa. Aina moja, injini moja, buti moja. Zulhumor alipima buti zote mbili kwa futi ya fundi nguo, muuzaji akimtazama kwa mshangao. La kwanza lilikuwa jeupe, gia za otomatiki, milioni mia na hamsini na nane. La pili lilikuwa na gia za mkono na rangi tuiitayo lami mbichi, kijivu cha barabara iliyonyeshewa, milioni mia na arobaini na nane. Muuzaji alikubali kuyashikilia yote mawili hadi wiki ijayo.

Jioni hiyo mumewe, Rahmatilla, alimwita kaka yake mkubwa kuja kushauri. Rahmatilla ni mwalimu wa michezo shule ya sekondari, mrefu, mpole, mtu ambaye mtoto akimwomba filimbi anampa hata kama mechi haijaisha. Kaka yake, Ghofurjon aka, yaani kaka Ghofurjon, ni kinyume chake. Hakuna jambo asilolijua, na kuhusu magari anajua zaidi ya walioyatengeneza. Alikaa kwenye jukwaa la uani chini ya mizabibu mitupu, akamega mkate, akapuliza chai yake ya kijani, akatoa hukumu kabla hajaulizwa.

"Jeupe. Mnaniita kwa swali gani hili? Gari jeupe ni pesa iliyosimama uani. Leo unalinunua kwa mia na hamsini na nane, miaka mitano ukilichoka unaliuza mia na hamsini na nane, pengine na zaidi. Umeendesha bure, kelin!"

Alimwita kelin, bi harusi wa nyumba, kama alivyomwita siku ya kwanza miaka ishirini na miwili iliyopita. Mke wa mdogo wako hazeeki hata akaacha kuwa kelin.

"Bure, aka?" Zulhumor alimjazia piala, kibakuli chake cha chai, nusu tu, kama adabu inavyotaka. "Na miaka mitano hiyo unga nitaununua kwa bei ya leo?"

"Unga na gari wapi na wapi?"

"So'm ni ileile. Hiyo mia na hamsini na nane ya miaka mitano ijayo itanunua nini? Ukitaka kujua gari litaporomoka kiasi gani, tazama sokoni gari kama hili lenye umri wa miaka mitano linauzwaje leo. Bei ya leo kwa bei ya leo. Hapo ndipo tutajua limekula kiasi gani."

Ghofurjon aka alimtazama mdogo wake. "Huyu mkeo umemwoa au amekuajiri?"

Rahmatilla alicheka, akamjazia kaka yake chai, akamwambia kwamba rangi nyeupe na yeye anaipenda. Hilo Zulhumor alilisikia. Hakulisahau.

Jumapili akaenda soko la magari, mumewe akimfuata nyuma na mwavuli. Kwenye soko letu la magari watu hawanunui tu, wanashinda huko kutwa. Wanaume wamesimama kwenye matope wakinywa chai, kila mmoja ana kidude kidogo mfukoni cha kupimia unene wa rangi, anakibandika mlangoni, kinalia, anatikisa kichwa kama daktari. Gari ambalo halijapigwa rangi upya hata kipande kimoja linaitwa safi, na mwenyewe anasimama kando yake kifua mbele. Lenye kipande kilichopakwa lina aibu yake, hata kama injini inaimba.

Zulhumor alitafuta magari ya miaka mitano, yaliyotembea kilomita kama elfu sabini na tano, na akawauliza wenyewe bila haya. Siyo bei mnayotaja, alisema, bei mnayokubali jua likikaribia kuzama. Jeupe safi la otomatiki: mia na ishirini na mbili. La lami mbichi la gia za mkono, safi vilevile: tisini na saba, na mwenye nalo alisema hivyo kwa huzuni, maana alikuwa amesimama hapo tangu Jumapili iliyopita. Jeupe jingine lilikuwa na milango miwili iliyopakwa rangi upya, na mwenyewe alitaja mia na nane kwa sauti ya chini.

"La kwangu halitapakwa," alisema Zulhumor akapita. Maneno hayo angekuja kuyakumbuka.

Nyumbani alitandaza vifuniko viwili vya maboksi ya keki mezani, kimoja cha kila gari, akachukua kalamu ya kuandikia majina ya wateja. Rahmatilla alikaa kando na kikokotoo.

"Anza," alisema mkewe. "Jeupe. Bei ya kununua, mia na hamsini na nane. Mia na kumi tunatoa sisi, iliyobaki benki."

"Na marejesho ya benki kwa miaka mitatu..." Rahmatilla alibonyeza. "Karibu sitini na nane. Mia na hamsini na nane na sitini na nane..."

"We Baba Sevara! Unataka kulinunua mara mbili?" Zulhumor, ambaye humwita mumewe kwa jina la binti yao, aliupiga mkono wake kwa kalamu. "Arobaini na nane tunayokopa imo tayari ndani ya bei. Andika riba peke yake."

Rahmatilla alifuta, akaona haya kidogo, akaandika ishirini. Riba ya benki ilikuwa asilimia ishirini na nne kwa mwaka, ikihesabiwa kwenye deni linalobaki, na deni lenyewe likipungua kila mwezi. Kwa lile la lami mbichi wangekopa thelathini na nane tu, kwa hiyo riba kama kumi na sita.

Wakaendelea. Gari lolote watakalochukua watalifunga gesi, maana nani ana ubavu wa petroli? Gesi ya propani, tangi la duara lile linaloingia mahali pa tairi la akiba, ili buti ibaki tambarare kwa ajili ya keki. Milioni sita kwa kila moja, za taslimu. Tairi, tano na tano. Bima na ukaguzi, nne na nne.

"Kama ni sawa kote, tunaandika ya nini?" aliuliza Rahmatilla. "Hazibadilishi mshindi."

"Mshindi hazimbadilishi. Zinabadilisha kama tutaweza kumlisha."

Kilomita walizihesabu kwa njia za kweli: Farg'ona kila Jumamosi mara kadhaa, Qo'qon kununua njugu na pistachio, sokoni, kwa mama yake Rishton. Elfu kumi na tano kwa mwaka, elfu sabini na tano kwa miaka mitano. Gia za mkono, lita kumi za gesi kwa kila kilomita mia, lita moja so'm elfu saba: milioni hamsini na mbili na nusu. Otomatiki linakunywa nusu lita zaidi: hamsini na tano. Matengenezo, la mkono ishirini pamoja na klachi moja, la otomatiki ishirini na moja pamoja na mafuta ya giaboksi.

Zulhumor alijumlisha mwenyewe, kikokotoo hakukiangalia. Jeupe: mia mbili na sitini na tisa. La lami mbichi: mia mbili na hamsini na moja na nusu.

"Umeona!" alisema, na moyo wake ukaruka. Kusema kweli lile la kijivu ndilo alilolipenda tangu dukani, kwa sababu mkopo wake ni mdogo na Zulhumor benki anaiogopa kuliko anavyosema. Lakini hesabu ilikuwa haijaisha, na yeye si mtu wa kuichomoa keki kabla haijaiva kwa kuwa inanukia vizuri.

Akatoa bei za sokoni. Jeupe, toa mia na ishirini na mbili, inabaki mia na arobaini na saba. La lami mbichi, toa tisini na saba, inabaki mia na hamsini na nne na nusu.

Jeupe limeshinda kwa milioni saba na nusu. Lilikuwa ghali kununua, ghali kukopea, lenye kiu zaidi, na bado limeshinda, kwa sababu ya rangi na pale mwishoni linapouzwa. Ilimuuma Zulhumor, nami namsifu kwa hilo, kwamba ilimuuma na hakuichezea hata namba moja.

"Haya," alisema. "Kaka yako amepatia, ingawa kwa sababu mbovu. Jumatano tunachukua jeupe."

Rahmatilla alitabasamu, lakini tabasamu lenyewe lilikuwa na wasiwasi ndani yake. Mkewe alidhani ni wasiwasi wa mkopo.

Jumanne mchana Zulhumor alikuwa akikung'uta unga uani alipoingia Hanifa, jirani wa geti la bluu, mikono imejaa utepe mwekundu na maua ya karatasi.

"Opa jamani, hongera! Nimeleta nipime."

"Upime nini?"

"Boneti. Jumamosi ya kwanza baada ya Navruz si ndiyo harusi ya binti yangu? Mume wako ameshasema hamna neno. Nikafikiri, moyo ule wa maua ukae mbele hapa, na utepe upite mpaka kwenye vioo." Alitazama huku na huku. "Kwani bado hamjalileta?"

Zulhumor alimkaribisha chai, akamsifu binti yake, akamsindikiza hadi getini na utepe wake. Kisha akakaa kwenye jukwaa akamsubiri mumewe arudi shule. Mikono yake ilikuwa imetulia, na wanaomjua wanajua kwamba mikono ya Zulhumor ikitulia ni heri mtu alale kwa rafiki.

Rahmatilla aliingia akaona uso, akasimama palepale na mpira kwapani.

"Umeahidi Jumamosi ngapi?" aliuliza mkewe.

"Mama Sevara..."

"Ngapi?"

"Hanifa." Aliuweka mpira chini. "Halafu mkuu wangu wa shule, mwanawe anaoa. Halafu wa kaka Ghofurjon, mwezi wa nne, huyo ni mtoto wetu kabisa. Halafu binamu yangu wa Quva alipiga simu..."

"Gari halijatoka dukani!"

"Alijua ni jeupe. Nilimwambia mimi mwenyewe, nilikuwa nimefurahi."

"Jumamosi, Rahmatilla. Harusi zao Jumamosi, keki zangu Jumamosi. Nikiwa nimesimama hapa na ghorofa nne za keki, gari langu liko Quva na moyo wa maua kwenye boneti! Mara moja tu, alisema Bahrom. Mara moja! Umeuza kazi yangu kwa watu wanne na hujalipwa hata mkate."

Alikuwa akipiga kelele sasa, na nyumba ya tatu ilisikia. Mumewe hakujitetea. Alikaa ukingoni mwa jukwaa, mabega yake mapana yamelegea, akawa anafunga na kufungua kamba ya kiatu.

"Mimi siwezi kusema hapana," alisema hatimaye. "Unajua. Miaka yote unajua. Mtu akisimama mbele yangu akiomba, ulimi unakuwa kama si wangu. Baiskeli yangu iko wapi? Ngazi yetu iko wapi? Hata suti niliyokuoa nayo ameoa nayo binamu yangu, na hajairudisha." Aliinua uso. "Gari jeupe likiingia uani hapa, kila wikendi litakuwa kwenye msafara wa bibi harusi wa mtu, na mimi nitakuwa naendesha huku nakuogopa. Nilitaka kukwambia pale kwenye vifuniko. Niliona haya kukiandika kitu kama hicho."

Zulhumor alikuwa na hasira bado, ila hasira ilikuwa imepoteza pa kutua. Maana na yeye, kelin wa nyumba hii, angesimamaje mbele ya Ghofurjon aka, kaka mkubwa wa mumewe, akamwambia gari sitoi? Angeweza kumbishia kuhusu bei ya unga. Kumnyima gari la kumleta bibi harusi wa mwanawe, hilo asingeweza, na kwetu hakuna ambaye angeweza.

Aliingia ndani akatoka na vifuniko vyake viwili.

"Sogea," alisema. "Tumesahau mstari."

"Mstari gani?"

"Watu wetu." Aliandika kwa herufi kubwa kwenye kile cha jeupe, chini ya tairi. "Kwa mwaka, Jumamosi ngapi zitaombwa? Usiniambie unazotaka. Niambie zitakazoombwa."

Rahmatilla alifikiri kwa uaminifu wa mtu anayeungama. "Ishirini. Msimu ukiwa mzuri, zaidi."

"Ishirini. Kwa miaka mitano, mia. Kila moja mimi nakodi gari dogo la mizigo na dereva anayejua breki ni nini, laki mbili. Milioni ishirini." Aliandika. "Na kaka yako gari lake jeupe limepakwa rangi vipande vingapi?"

"Vinne. Misafara ile wanafukuzana, wanapiga honi, wanabanana getini. Na maua yakifungwa na waya..."

"La kwetu tuseme viwili tu, kwa heshima. Mia na ishirini na mbili inakuwa mia na nane. Kumi na nne nyingine zimekwenda." Alimkumbuka yule muuzaji wa sauti ya chini, akajicheka kimoyomoyo. "Mia na arobaini na saba, jumlisha ishirini, jumlisha kumi na nne. Mia na themanini na moja. Gesi watakayorudisha tangi likiwa tupu sijaihesabu."

"Na la lami mbichi?"

"Nani atampakia bibi harusi kwenye rangi ya barabara?"

Rahmatilla alikitazama kifuniko cha pili. Kisha, kwa taabu, kitu fulani kilianza kufunguka usoni mwake.

"Wataliomba kupeleka mgonjwa," alisema.

"Walichukue. Mgonjwa na mama mjamzito, hata saa hii, na mafuta nawatilia mimi. Hiyo siyo hasara, hiyo ni kuishi na watu." Alichora mstari chini ya kifuniko cha pili. "Mia na hamsini na nne na nusu, imekaa palepale. Tofauti ishirini na sita na nusu, na Bahrom wangu yuko salama. Mwambie Hanifa nitampa binti yake keki kwa bei ya mayai. Wengine nitawaona mwenyewe."

"Nitawaambiaje kuhusu jeupe?"

"Usiwaambie kitu. Lilete gari tu, walione."

Jumatano walilichukua lile la lami mbichi. Muuzaji, aliyekuwa amekata tamaa ya kuliondoa uani kwake, aliwatilia mazulia ya miguuni bure. Rahmatilla aliendesha polepole kupita mtaa mzima. Watoto walikimbia pembeni. Hanifa alitoka getini, akaliangalia, akasema Mungu na alibariki, na utepe hakuutaja tena.

Walikuwa wamelipaki chini ya mizabibu, Zulhumor akilipaka boneti unga wa mikate kwa ajili ya baraka, simu ilipolia. Ghofurjon aka. Rahmatilla aliiweka kwenye spika kwa sababu mikono yake ilikuwa na maji.

"Hongereni, hongereni! Nasikia limefika. Sasa ule mwezi wa nne, mimi nimeshampangia bibi harusi akae kwenye lenu, lile langu lina michubuko. Jeupe, jipya, litapendeza kwenye video..."

"Aka, ni la lami mbichi."

Walisikia kijiko kikizunguka kwenye kikombe upande ule.

"Lami mbichi?"

"Ndiyo, aka."

"Mlikuwa mmelewa? ... Haya. Basi. Mungu awape kheri nalo. Bibi harusi nitamtafutia kwingine."

Simu ilikatika. Rahmatilla aliendelea kuishika kama vile itasema jambo jingine. Alikuwa na miaka arobaini na nane, na kaka yake mkubwa alikuwa amempigia simu na kukata bila kuondoka na chochote chake. Alikaa kwenye ngazi ya jukwaa akaanza kucheka, kisha akawa anapangusa macho kwa mkono wenye maji, na mkewe akaketi karibu naye.

"Sikusema hapana," alisema.

"Hukusema."

"Hata mara moja."

Mwezi wa nne, harusi ya mtoto wa Ghofurjon aka ilifanyika kwenye ukumbi wa Bahrom, na keki ilikuwa ya Zulhumor, ya pistachio, ghorofa tano. Mbele ya Zulhumor na mumewe, kwenye barabara ya Farg'ona, ulikwenda msafara wa magari meupe manane, honi juu, maua yakipepea, wakikatana mbele. Nyuma kabisa lilifuata gari moja la rangi ya barabara, kwa mwendo wa mtu anayebeba maji kwenye sahani. Binamu wa Quva alipunguza mwendo, akashusha kioo, akamwita Rahmatilla aruke mbele aungane nao kwenye msafara.

Rahmatilla alimtazama mkewe kwenye kioo cha ndani, ameketi nyuma na mikono mitupu magotini kwa mara ya kwanza, ghorofa zote tano zimetulia kwenye buti.

"Hapana, ndugu yangu," alijibu. "Nimebeba keki."